AdSense iwe ya mama, chaneli ya mtoto

Swali la wiki: "Kijana wa chini ya miaka 18 anaweza kuingiza hela mtandaoni kihalali? Na mzazi ahusike vipi?"

Anaweza, ila hela yenyewe lazima ipitie kwa mtu mzima, na hapo ndo wengi wanakwama. Mpwa wangu wa kike ana 15, anafundisha hesabu za form two kwenye YouTube, video zinaonyesha mkono na daftari tu. Chaneli ni yake kabisa, kuanzia miaka 13 wanaruhusu, lakini malipo yanatoka AdSense, mfumo wa Google wa kulipa hela za matangazo, na huko wanataka 18. Watoto wanachofanya sasa, wanadanganya mwaka wa kuzaliwa, wanaandika 1999 maisha yanaendelea, halafu siku ya kuthibitisha kitambulisho hakuna na akaunti inafungwa hela ikiwa humohumo.

Njia iliyopo wala haina ujanja, YouTube wenyewe wanaruhusu kuunganisha chaneli ya mtoto na AdSense ya mzazi au mlezi. Dada yangu akafungua kwa jina lake vilevile lilivyo kwenye NIDA na benki, sio lile la Facebook jamani, maana jina likipishana na la akaunti ya benki malipo yanaweza kukwama. Na kama mzazi anayo tayari asifungue ya pili, mtu mmoja anatakiwa awe na moja, ila hiyo moja inabeba chaneli hata mbili tatu. Mapato yakifika dola 10 wanatuma barua ya PIN kwa posta, kwa hiyo weka S.L.P. ambayo kuna mtu anaifungua kweli, dada aliweka ya ofisini kwao. Usipoiingiza hiyo PIN kwenye akaunti ndani ya miezi minne matangazo yanasimama. Hela inatumwa ikifika dola 100, na kabla ya matangazo unatakiwa uwe na masabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au vyuu milioni 10 za Shorts kwa siku 90), so mtoto asiahidiwe simu mpya mwezi ujao.

Wazazi, hela inaingia kwa jina lenu lakini kazi sio yenu. Dada na binti wana daftari, kila malipo yanaandikwa, kiasi gani cha bando na kiasi gani anawekewa, wanasaini wote wawili. Binti naye password ya barua pepe anayo mama, na sare ya shule haionekani kwenye video maana nembo tu inatosha mtu kujua anasoma wapi.

Laivu za TikTok zenye zawadi ni 18 kwenda juu, akaunti ya kuazima ya kaka ni yaleyale ya 1999. Na zile kazi za Telegram za kulike video, wanakulipa elfu mbili tatu mwanzo halafu wanakwambia weka elfu 30 upande leveli, hapo toka, usiweke hata mia. Anayekuomba laini ya mzazi "hela ipite tu" naye mblock, ikiwa ya wizi polisi wanaanza na mwenye laini.