Muhuri wa duara: maandishi ya chini yamepinduka

"Nachora muhuri wa chama chetu kwa Inkscape. Jina la juu limekaa vizuri, ila la mji, huku chini, linasomeka kichwa chini. Nifanyeje?"

Ndugu, duara moja halitoshi, kwa sababu maandishi hufuata mwelekeo wa mstari wake. Chora duara la pili lenye kitovu kilekile, ligeuze kwa `Path > Object to Path` kisha `Path > Reverse`, ndipo uweke jina la mji kwa `Text > Put on Path`. Likianzia pembeni, zungusha duara hilo mpaka jina likae katikati.

Baada ya hapo herufi za chini zitasimama ndani ya mstari, ilhali za juu husimama nje yake, na hapa ndipo mihuri mingi huonekana imepinda. Tuseme muhuri una kipenyo cha milimita 40, duara la ndani 26, na herufi kubwa zina kimo cha milimita 3: mstari wa juu uwe na kipenyo cha 30 na wa chini 36, yaani tofauti ya vimo viwili vya herufi, ili maandishi yote yakae katikati ya ukanda.

Nembo, kwa maoni yangu, ibaki umbo moja lisilo na mistari myembamba, maana wino husambaa na kuziba nafasi ndogo. Chapisha mchoro wote kwa ukubwa halisi kabla ya kumpelekea mchongaji, na usiugeuze kama kioo mpaka akuambie.