Kadi ya zawadi imekataa: majibu kwa mliouliza

Kaka yangu anaishi nje, kanitumia kadi ya Google Play ya dola 25. Nikiingiza inaniambia haitumiki katika nchi yangu. Imeharibika?

Kadi ni nzima, na hela bado imo. Kukataliwa hakuuchomi msimbo, kwa hiyo usiikwaruze tena wala kuitupa. Kilichogoma ni nchi. Kadi za Google Play hutolewa kwa nchi moja moja, na akaunti yako nayo ina nchi yake, iliyosajiliwa pamoja na taarifa zako za malipo. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, nenda Settings, kisha General, Account and device preferences, halafu Country and profiles. Nchi utakayoiona pale ndiyo inayolinganishwa na ya kadi.

Wengi hapo hukimbilia VPN. Haisaidii, kwa sababu VPN inaficha mahali ulipo leo, haibadilishi nchi iliyoandikwa kwenye akaunti. Tena mfumo ukiona akaunti inarukaruka kutoka nchi hadi nchi, unaweza kuishuku, na hapo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kubadili nchi ya akaunti kunawezekana, ila Google wanataka uwe uko kwenye nchi hiyo mpya kweli na uwe na njia ya malipo ya huko. Ukishabadili, unakaa nayo mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kubadili tena, na salio la nchi ya zamani huwezi kulitumia katika nchi mpya. Kwa kadi ya dola 25 mimi nisingethubutu. Utaiokoa hiyo dola 25, halafu mwaka mzima utakuwa mteja wa duka la nchi usiyoishi.

Njia ya busara ni hii: mwambie kaka aiingize kwenye akaunti yake mwenyewe, kama akaunti hiyo ni ya nchi aliyonunulia, aitumie kwa mambo yake. Kisha wewe akununulie kadi iliyotolewa kwa nchi ya akaunti yako, au akutumie fedha taslimu. Asiiingize kwa nia ya kukuhamishia salio baadaye, maana salio la Google Play halihamishiki kwa mtu mwingine. Kama aliinunua mtandaoni na haijatumika, anaweza pia kumuuliza muuzaji kuhusu kurudishiwa, lakini asiweke matumaini makubwa. Wauzaji wengi hawarudishi fedha za kadi.

Wenye akaunti za Apple mambo yanafanana, na huko kabla ya kubadili nchi unatakiwa umalize salio lote na uondoe usajili unaoendelea. PlayStation ni wagumu zaidi: nchi uliyochagua siku ya kufungua akaunti ndiyo hiyo hiyo, haibadiliki.

Na tafadhali msidanganywe na alama ya dola. Marekani, Kanada na Australia wote wanatumia fedha inayoitwa dola, lakini kadi ya Kanada itakataliwa kwenye akaunti ya Marekani kama vile ingekuwa ya fedha nyingine kabisa. Geuza kadi usome yale maandishi madogo ya nyuma. Nchi huandikwa pale. Anayetaka kukutumia kadi mwambie jina la nchi ya akaunti yako, siyo aina ya fedha.

Naambiwa msimbo si sahihi, na nimeuandika kama ulivyo.

Anza kwa kuhesabu herufi na tarakimu. Msimbo wa kadi ya Apple una 16 na huanza na X, wa PlayStation una 12, wa Microsoft una 25. Ukipata idadi tofauti kabisa, huenda umenakili ile namba ndefu iliyo karibu na mistari ya kuskani, ambayo ni ya duka.

Kama uliunakili kutoka kwenye ujumbe wa simu, futa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni. Huioni, lakini mfumo unaiona. Angalia pia B na 8, G na 6, S na 5, hasa kama ulikwangua kwa nguvu na sehemu ya herufi ikaondoka na ule utando wa fedha. Jaribu mara mbili tatu, kisha acha. Kubahatisha mfululizo kunaweza kufanya akaunti izuiwe kwa muda.

Msimbo ukiwa sahihi na bado unagoma, shuku dukani. Kadi inayoning'inia kwenye rafu haina thamani yoyote mpaka keshia aiskani na kuiwasha. Akisahau, au mtandao ukikatika katikati, unaondoka na karatasi tupu. Rudi na kadi na risiti. Risiti nyingi huonyesha kama kadi iliwashwa.

Kuponi ya punguzo inasema muda umekwisha, na tarehe ya mwisho ni leo.

Leo ya nani? Muuzaji akiwa kwenye ukanda wa UTC+8 na ofa yake ikaisha usiku wa manane kwake, aliye kwenye UTC+3 inamfikia saa 1 jioni, siku bado haijaisha. Soma masharti uone saa imeandikwa kwa ukanda upi.

Sababu nyingine ni mgao kwisha. Kuponi nyingine hutolewa kwa wateja wa kwanza tu, na baada ya hapo skrini huandika "muda umekwisha" ingawa tarehe haijafika. Na kama inakubali kisha inatoka yenyewe, tazama kiwango cha chini cha manunuzi: mara nyingi hukokotolewa bila gharama ya usafirishaji, na baada ya punguzo lingine kutolewa. Kuponi si fedha uliyoilipia, hivyo muuzaji halazimiki kukufidia kama angepaswa kwa kadi.

Inaniambia imeshatumika, wakati ndiyo kwanza nimeikwangua!

Kwanza chunguza akaunti zako nyingine zilizo kwenye simu hiyo hiyo. Mara nyingi salio linakutwa limetua kwenye akaunti ya pili, au mtandao ulichelewa, ukabonyeza tena, na jaribio la kwanza lilikuwa limeshapita.

Kama halipo popote, itazame kadi kwa makini. Wezi hukwangua kadi dukani, hunakili msimbo, hufunika kwa stika inayofanana na utando halisi, kisha husubiri mteja aiwashe. Stika iliyopinda au pakiti iliyogundishwa upya ndiyo dalili. Piga picha kadi pande zote mbili pamoja na risiti, uwasiliane na kampuni iliyotoa kadi siku hiyo hiyo. Watataka namba ya utambulisho ya kadi na ushahidi wa malipo. Uliyenunua msimbo kwa mtu usiyemjua, bila risiti, huna cha kuwaonyesha.

Kuna jamaa mtandaoni anasema anazo mbinu za kufungua kadi za nchi nyingine. Anataka picha ya kadi tu.

Picha hiyo ndiyo kadi yenyewe. Nchi haikuandikwa ndani ya msimbo hata mtu aifute. Ipo kwenye kumbukumbu za kampuni, na hakuna anayeigusa kutoka nje. Yeye akiwa na akaunti ya nchi husika, atauingiza msimbo wako kwake, na baada ya hapo wewe ndiye utakayeandikiwa kwamba umeshatumika. Kama ulishaituma, wasiliana na kampuni sasa hivi uombe msimbo uzuiwe, kabla hujaendelea kubishana naye.