Kwa nini haidrokotisoni huchelewa kutuliza pumu

"Mama alidungwa haidrokotisoni ya pumu, mbona saa nzima ilipita bila nafuu?"

Anayesema kwamba haidrokotisoni hushikana na kipokezi, yaani protini inayoipokea dawa, juu ya utando wa seli amepatia nusu, kwani kipokezi hicho hakikai juu ya utando bali ndani ya seli, na dawa, ambayo huyeyuka katika mafuta, hupenya yenyewe hadi kukifikia. Vikishashikana huingia pamoja katika kiini cha seli, ambamo huzizuia protini zinazowasha jeni za vichochezi vya uvimbe na kuamsha jeni nyingine zinazoutuliza. Hata hivyo, vichochezi vilivyokwisha kutengenezwa haviondoki papo hapo, ndiyo maana nafuu huchukua saa kadhaa, na ndiyo maana mgonjwa hupewa pia salbutamoli, ambayo hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache.