Pepa nyingi, ajenda iko wapi?

"Napitia maombi ya felo ya utafiti, kuna mtu ana pepa kibao ila sielewi kama ana mwelekeo au anarukaruka tu. Naangaliaje?"

Mkuu, usianze kuhesabu pepa, tafuta swali linalozifunga. Mtu akiandika mbu sugu, mara korona, mara lishe, na kiunganishi ni "afya ya jamii" tu, hapo hamna ajenda. Ila kama pepa ya kwanza ilionyesha mbu wa funestus wanahimili dawa ya kuua wadudu ya pairethroidi, ya pili ikasaka jeni husika, na sasa anataka kupima vyandarua vyenye PBO, kemikali ya kupunguza usugu huo, basi kila hatua imezaliwa na iliyotangulia. Halafu cheki jina lake limekaa wapi, maana wa katikati kwenye orodha ndefu ya waandishi pengine alikusanya sampuli tu (sio dhambi, ila aseme alifanya nini hasa).