Uchungu wa mlangoni baada ya kujifungua: anza na muuguzi wa kliniki ya akina mama

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Umoja na mume wangu. Nilijifungua mtoto wetu wa kwanza miezi saba iliyopita, nikachanika na kushonwa. Tangu turudie tendo la ndoa naumia kila mara. Anapoanza tu kuingia nahisi kama wembe, na baadaye nikienda haja ndogo panachoma. Nimeenda kemisti mara tatu, nikapewa dawa za infekisheni za kumeza na za kuingiza, lakini wapi. Rafiki yangu akanishauri nijioshe ndani kwa maji ya chumvi na dawa ya kuua viini. Namnyonyesha mtoto na hedhi haijarudi. Mume wangu ameanza kuuliza kama nina mwingine, kwa hivyo navumilia tu. Nimwone daktari gani? Naona haya. – Mama wa Umoja*

Marahaba, mwanangu. Umenieleza mahali panapouma, na hilo ndilo atakalotaka kulijua kwanza yeyote atakayekupima. Uchungu unaoanzia mlangoni mara nyingi hutoka kwenye ngozi ya uke, kwenye kovu, au kwenye misuli inayouzunguka mlango huo. Uchungu wa ndani, ule unaosikika chini ya kitovu mume akishaingia kabisa, huelekeza kwingine: maambukizi ya kizazi na mirija, uvimbe kwenye ovari, au endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje yake. Wako ni wa mlangoni, basi tukae hapo.

Ninashuku mambo matatu yaliyopandana, na la kwanza ni kunyonyesha kwenyewe. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huzituliza ovari. Ovari zikitulia, istrojeni hushuka, na ndiyo maana hujaona hedhi. Istrojeni ndiyo huufanya ukuta wa uke uwe mnene, uvutike na utoe ute. Ikipungua, ngozi huwa nyembamba na kavu, msuguano mdogo tu unaichubua, na mkojo ukipita kwenye michubuko hiyo unachoma. Hali yako ni ya muda. Mtoto atakapopunguza kunyonya na hedhi kurudi, ngozi itajijenga upya, kwa hivyo usimwachishe ziwa kwa sababu hii. Mwanamke anaweza kumtamani mumewe kwa moyo wote na bado akawa mkavu kabisa, na ningependa mumeo aisome sentensi hiyo mwenyewe. Kama umeanza sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, itaje utakapopimwa, maana kwa baadhi ya wanawake nayo huongeza ukavu.

Sasa utaona kwa nini dawa za kemisti zimeshindwa. Muuzaji hakukuangalia. Alisikia kwamba panauma na panachoma, akakupa dawa ya viini ambavyo huenda havikuwepo. Antibayotiki isiyohitajika huwaua pia bakteria wazuri wanaoulinda uke kwa asidi yao, na hapo fangasi hupata nafasi. Kwa hiyo inawezekana ulianza na ukavu, kisha dawa zikakuongezea fangasi. Dalili zake ni mwasho mkali, mashavu ya uke kuvimba na kuwa mekundu, na ute mweupe mzito kama maziwa mgando. Chumvi na dawa ya kuua viini zinaichoma ngozi hiyo hiyo nyembamba, kwa hivyo ziache leo. Shabu na mitishamba ya kubana uke, ambayo najua mama aliyejifungua hakosi kupendekezewa, nayo usiiguse. Osha nje kwa maji matupu. Ndani hujisafisha kwenyewe.

Jambo la pili ni kovu. Nyuzi zikishaoza na kidonda kufunga, wakati mwingine panabaki utepe mgumu kwenye msamba, pale kati ya uke na njia ya haja kubwa, na utepe huo hauvutiki. Wakati mwingine kinabaki kinyama chekundu kidogo kinachotoa damu kikiguswa. Hicho hutibiwa kliniki kwa kuguswa na nitreti ya fedha, na wanawake wengi hukaa nacho miezi kadhaa kwa sababu tu hakuna aliyewaangalia. Unaweza kujichunguza mwenyewe: nawa mikono, chukua kioo kidogo, gusa taratibu kulizunguka eneo la mlango. Kama uchungu umekaa nukta moja upande wa chini, hasa pale uliposhonwa, shuku kovu. Kama ni pote pakavu na panachoma, shuku ngozi.

La tatu ni misuli, na hili ndilo linalowapita hata baadhi ya wahudumu. Mwili ulioumizwa mara kadhaa mahali pamoja hujikinga. Misuli inayoshikilia nyonga kwa chini hujikaza yenyewe kabla hujaguswa, bila wewe kuiamuru. Mlango unakuwa mwembamba zaidi, msuguano unaongezeka, uchungu unaongezeka, nayo misuli inajikaza zaidi. Ndiyo maana nakukataza kuvumilia. Kila usiku unaovumilia, unaifunza misuli hiyo kukaza. Na ukisikia ushauri wa kufanya mazoezi ya kubana uke kama wafanyavyo akina mama wengine baada ya kujifungua, subiri upimwe kwanza. Kwa mtu ambaye misuli yake tayari imekaza, kubana zaidi kunaweza kumwongezea uchungu. Wewe unahitaji kujifunza kuilegeza.

Umeuliza daktari gani. Usianze na bingwa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, kwenye kliniki ya mama na mtoto na upangaji uzazi, ile ile unakompeleka mtoto chanjo. Mwombe muuguzi au klinikal ofisa akupime. Hao ndio wanaoona msamba wa mama aliyejifungua kila siku, wana kitanda cha kupimia, na wana ruhusa ya kukupa rufaa. Kama umejisajili SHA, huduma ya nje katika zahanati na vituo vya Kiwango cha 2 na cha 3 hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, kwa hivyo nenda na kitambulisho chako. Ukikimbilia hospitali kubwa ya rufaa moja kwa moja, utapanga foleni ndefu ili uulizwe maswali yale yale.

Ukiingia, usiseme "nina infekisheni," maana utaandikiwa ya nne. Sema hivi: "Naumia mlangoni mwa uke wakati wa tendo la ndoa, tangu nijifungue. Nilichanika, nikashonwa. Nanyonyesha. Naomba uniangalie." Beba paketi za dawa zote ulizomeza na kuingiza. Haya ikikushika, mwandikie kwenye karatasi umpe asome. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, ya kuwa na mtu wako chumbani, na ya kusema "simama" wakati wowote.

Kipimo chenyewe si kirefu. Atatazama ngozi ya nje na kovu, kisha atagusa kwa ncha ya pamba hapa na pale ukimwambia wapi panauma. Baadaye kidole kimoja, polepole, kuihisi misuli. Spekulamu, ile ya kufungulia uke, iwe ndogo na ilowanishwe, na kama huwezi siku hiyo iachwe hadi siku nyingine. Atapima mkojo, na atakupima mimba pia, kwa kuwa mama anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hata hedhi haijarudi. Kukiwa na ute usio wa kawaida, achukue sampuli kwa pamba badala ya kukisia tena. Kama hukuwahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, uliza ni lini utapimwa, na umwambie bila kuficha kama umewahi kutokwa damu baada ya tendo, kwa sababu damu hiyo inahitaji mlango wa kizazi uangaliwe mapema.

Ikithibitika ni ukavu, dawa ya kwanza ni kilainishi cha maji kisicho na manukato, kinachouzwa kemisti bila karatasi ya daktari. Paka kingi, kwako na kwa mumeo, na uongeze katikati. Mafuta ya mtoto na ya kujipaka mwilini usiyatumie pamoja na kondomu za mpira, zitapasuka. Kama hakitoshi, daktari anaweza kukuandikia krimu ya istrojeni ya ukeni kwa kipimo kidogo. Kwa kawaida hutumiwa kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Sehemu ndogo sana huingia kwenye damu, lakini isitumike bila kuandikiwa, na mwambie kwamba unanyonyesha. Kovu gumu lisilo na kidonda hulainishwa kwa kulisugua taratibu kwa kidole gumba safi, dakika tano hivi kila siku, kwa wiki kadhaa. Omba uonyeshwe kwanza namna ya kufanya.

Misuli ndiyo huchelewa. Hapa rufaa nzuri ni kwa mtaalamu wa fiziotherapia ya afya ya wanawake, na Nairobi wapo. Atakufundisha kupumua kwa tumbo hadi misuli ya chini ishuke, kisha kuingiza kidole chako mwenyewe, na baadaye vipanuzi vya ukubwa unaoongezeka kidogo kidogo, ukisonga mbele tu pale ambapo hatua uliyopo haiumi.

Mpaka hapo, mwambie mumeo kwamba kuingia kumesimama. Mchagulie wakati wa mchana mtoto akiwa amelala, msiwe kitandani, umwambie: "Naumia, na nakwenda kupimwa. Twende pamoja." Kukumbatiana na kushikana hakujasimama, na afahamu hivyo, la sivyo nawe utaanza kuukwepa hata mkono wake ukiogopa utakakoishia. Akiwepo kliniki na kumsikia muuguzi akieleza habari ya maziwa na istrojeni, ile shaka yake itapata jibu kutoka kwa mtu asiye wewe.

Hospitali kubwa ina zamu yake. Kama wiki sita hadi nane za matibabu hazijaleta nafuu, au uchungu ukihamia ndani, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Kwa upande wenu huenda ikawa Mama Lucy, na huko picha ya ultrasaundi itakuwa na maana. Lakini ukipata homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini na uchafu wenye harufu mbaya, nenda siku hiyo hiyo. Na ukipata maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo pamoja na kizunguzungu au kuzirai, usingoje kupambazuke. Nenda idara ya dharura mara moja, uwaambie hujaona hedhi tangu ujifungue, maana huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi.