Kichwa nyuma ya macho: dawa gani ya maumivu?

"Mume wangu ana homa siku ya pili, macho yanauma kwa ndani akiyazungusha, malaria hakuna. Nimpe diklofenaki?"

— Mpe, mimi nilipopata chikungunya Mombasa ndiyo iliyoninyanyua.

— Dada, usimpe bado. Ndugu hapo juu yuko sahihi kwa viungo vya chikungunya, lakini dawa kama diklofenaki hupewa baada ya dengi kuondolewa kwenye hesabu, na siku ya pili huwezi kutofautisha dengi na chikungunya kwa kumtazama tu mgonjwa. Homa zote mbili huletwa na mbu yuleyule wa mchana. Maumivu ya nyuma ya macho yananifanya nifikirie dengi kwanza.

Dengi hupunguza chembe zinazogandisha damu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzidhoofisha zile zilizobaki na kuchubua tumbo, kwa hiyo damu inaweza kuvuja tumboni. Mpe parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Angalia dawa za mafua pia, nyingi zina parasetamoli ndani. Kama ana ini bovu au hunywa pombe sana, muulize daktari kwanza.

Apimwe dengi na damu kamili. Homa ikishuka usimwache: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu au kinyesi cheusi, hospitali saa hiyohiyo.

— Alikunywa aspirini jana, sijui itakuwaje?

— Asirudie, na umwambie daktari saa aliyoinywa.