20/200 si asilimia kumi

*Natafsiri barua ya daktari wa macho ya shangazi yangu anayeishi Minnesota. Imeandikwa kwamba ana 20/200 na kwamba kisheria ni kipofu. Je, ni sawa nikiandika "anaona asilimia kumi tu"? Na "kipofu kisheria" ni mtu asiyeona kabisa? Msomaji, Tanga*

Hapana kwa yote mawili, na kosa la kwanza ndilo linalozaa la pili. Namba hizo zimeandikwa kwa umbo la sehemu, lakini kila moja ni umbali. Ya juu ni umbali aliokaa mgonjwa kutoka kwenye ubao wa herufi, na ya chini ni umbali ambao jicho lenye uoni wa kawaida lingeweza kuisoma herufi ileile. Wamarekani hupima kwa futi 20. Kwetu hupimwa kwa mita 6, ambao ni karibu umbali uleule, na ndiyo maana 20/200 ya Minnesota ni 6/60 ya hospitali ya Bombo. Kwa hiyo shangazi, akiwa futi 20 kutoka ubaoni, anaishia kwenye herufi ambayo wengine wangeisoma wakiwa futi 200.

Utaratibu huo uliwekwa mwaka 1862 na daktari Mholanzi, Herman Snellen, wa Utrecht. Herufi ya mstari wa 6/6 ina kimo cha milimita 9 hivi, na ile kubwa ya juu kabisa, ya 6/60, ina karibu sentimita 9. Anachokosa shangazi, basi, ni uwezo wa kupambanua vitu vidogo vilivyo mbali. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu rangi, mwanga hafifu, wala upana wa eneo analoliona. Asilimia huvipoteza vyote hivyo kwa mara moja. Mtu mwenye 20/40 angeandikwa "anaona nusu", ilhali majimbo mengi ya Marekani humpa leseni ya udereva isiyo na masharti ya macho.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani humhesabu mtu kuwa kipofu ikiwa jicho lake lenye nafuu, hata likisaidiwa na miwani inayomfaa, halivuki 20/200. Maneno mawili hapo hayaachwi katika tafsiri: "lenye nafuu" na "likisaidiwa na miwani". Mtu ambaye jicho moja limekufa kabisa na la pili lina 20/30 si kipofu kisheria, wala si yule ambaye bila miwani hasomi hata herufi ya juu lakini akiivaa anafika 20/25.

Kuna na njia ya pili, inayosahaulika mno. Mtu anaweza kusoma mpaka mstari wa 20/20 na bado akahesabiwa kipofu, ikiwa upeo wa kuona wa jicho lake lenye nafuu umebanwa hadi nyuzi 20 au chini ya hapo, kama inavyotokea glakoma inapokomaa. Akimtazama mtu aliye mita 3 mbele yake, huona duara lenye upana wa takriban mita 1 tu. Uso anautambua vizuri, lakini mtoto anayepita pembeni hamwoni, na ngazi humwangusha.

Jambo la kuangalia zaidi katika barua yako ni kwamba mpaka huo ni wa Marekani. Shirika la Afya Duniani huanza kumwita mtu kipofu uoni wa jicho lenye nafuu unaposhuka chini ya 3/60, yaani anapokuwa hawezi kusoma, akiwa mita 3, herufi ambayo wengine huisoma kwa mita 60. Shangazi mwenye 6/60 kamili, kwa mizani hiyo, yumo katika daraja la upungufu wa wastani wa kuona. Macho ni yaleyale, majina ni mawili, na ofisa wa Tanga atakayesoma "kipofu" bila maelezo atamdhania hali asiyokuwa nayo. Hata miongoni mwa walio chini ya 3/60 wapo wanaohesabu vidole kwa karibu, wapo wanaoona mkono ukipunga, na wapo wanaotambua tu mwanga na giza. Asiyeona hata mwanga ana daraja lake la peke yake, la mwisho.

Ningeandika hivi, baada ya kuhakikisha katika barua kwamba alipimwa akiwa na miwani: "Uoni wa jicho lake lenye nafuu, akiwa amevaa miwani, ni 20/200 (sawa na 6/60), kiwango ambacho sheria ya Marekani hukihesabu kuwa upofu." Namba ya daktari iache kama ilivyo, na ile ya mita iweke kwenye mabano. Ikiwa barua haisemi jicho lipi lilipimwa, usilikisie. Mwombe shangazi akamuulize daktari.